Dola 340 zilizolala njiani: malipo ya unga kati ya soko la Kenya na Kasumbalesa

Mama mmoja anauza unga wa mahindi kwa rejareja katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi (Kenya ni jina la komuni yetu, si nchi). Meza yake iko hatua chache kutoka kabini yangu, pale ninapoweka na kutoa pesa za simu kwa wateja. Jina lake nitaliacha, nitamwita Mama wa Unga. Ameniruhusu kueleza jambo hili kwa sababu lilimnyima usingizi usiku mzima, na kwa sababu mwanamke mwingine, asiyemfahamu kabisa, nusura apoteze mifuko yake ndani ya sakata hilohilo.

Muuzaji wake wa jumla ana depo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita kama 90 kutoka hapa. Kila juma Mama huagiza mifuko 20 ya kilo 25. Juma lile bei ilikuwa dola 17 kwa mfuko, kwa hiyo malipo yalikuwa dola 340. Lori la kwanza la siku hupakia alfajiri, na anayetaka mifuko yake ipande lazima awe amelipa jioni iliyotangulia. Mama hulipa kwa simu. Laini yake ni ya mtandao mmoja, ya mwenye depo ni ya mtandao mwingine. Jambo hilo la mitandao miwili ndilo lililobeba kisa chote.

Ilikuwa siku ya nne ya juma, jioni. Saa 17:42 kwa simu yake, Mama alichagua akaunti ya dola (kwetu kila laini ina akaunti mbili, ya falanga na ya dola), akachagua kutuma kwenda mtandao mwingine, akaandika namba ya depo, 340, na namba ya siri. Kioo kikaganda. Baada ya muda ukaja mesaji mfupi: ombi lako linashughulikiwa, na chini yake referansi, yaani ile mistari ya herufi na tarakimu inayotambulisha muamala mmoja tu. Akaangalia salio. Kabla ya kutuma alikuwa na dola 412.30, na sasa aliona 68.20. Zilikuwa zimetoka 340 pamoja na 4.10 za gharama ya kutuma.

Akapiga simu depo. Mwenye depo akamjibu, "Mama, miye sijaona kitu. Simu iko mu mukono, hakuna mesaji."

Alikuja kwangu akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Nilisoma ule mesaji mara mbili, na kilichonishtua ni kile ambacho hakikuwemo. Malipo yaliyofika huleta mesaji wenye jina la aliyepokea, kiasi, gharama na salio jipya. Huu haukuwa na jina la mtu wala neno la kusema imefika. Ulikuwa na kiasi na referansi tu. Hapo nikajua kwamba pesa imetoka upande wake, na kwamba mtandao wenyewe haujui kama imeingia upande wa pili.

Watu wengi husikia hivyo wakadhani ni maneno ya kukwepa, kwa hiyo nieleze kinachotokea. Kila mtandao una daftari lake. Ukituma kwa mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako kwanza unaiondoa pesa kwenye akaunti yako na kuiweka pembeni, mahali pa kungojea. Kisha unaupelekea mtandao wa pili ombi: mwingizieni huyu 340. Unasubiri jibu kwa muda mfupi. Jibu likiwa ndiyo, safari imekwisha. Likiwa hapana, pesa inarudi kwako palepale. Lakini jibu linaweza kupotea njiani kwa sababu laini kati ya mitandao hiyo miwili imekatika au imejaa, na hapo mtandao wako unabaki na kimya. Kimya hakiwezi kuhesabiwa kama hapana. Huenda upande wa pili ulikwisha kuingiza pesa, na neno la kusema ndiyo ndilo lililopotea. Mtandao wako ukikurudishia wakati huo, pesa moja itakuwa imelipwa mara mbili. Kwa hiyo inaachwa palepale pembeni mpaka madaftari mawili yalinganishwe, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa asubuhi. Ndiyo maana Mama alisema kweli kwamba pesa imetoka, na mwenye depo naye alisema kweli kwamba haijafika.

Mwenye depo alimpa shauri ambalo kwa sikio ni jema. "Tuma ingine, mama. Ile ya kwanza ikifika, nitakuandikia ni ya juma lijalo." Mama hakuwa na 340 nyingine. Alitaka kumwomba mtunza pesa wa likelemba yao, yaani ule mchango wa kupeana kwa zamu, ampe zamu yake mapema. Nilimwambia asitume. Kama ya kwanza ingeingia usiku, angekuwa amefunga dola 680 kwenye unga huku anadaiwa na wenzake, na kurudishiwa pesa iliyokwisha kuingia kwa mtu kunahitaji ridhaa ya mtu huyo. Nilimwambia pia asifute mesaji wowote, asitoe laini kwenye simu, na zile 68.20 asiziguse mpaka kesho, ili salio lake lisimame kama ushahidi usio na vumbi juu yake.

Saa 18:05 tukapiga huduma ya wateja ya mtandao wake. Tulingoja zaidi ya dakika 20 tukisikiliza muziki. Alipopokea, kijana yule aliuliza namba ya simu, kiasi na saa. Mama akasema saa 17:42. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema haoni muamala wowote wa saa hiyo. Anaona mmoja wa dola 340 wa saa 16:42.

Mama aliniangalia, uso ukabadilika rangi. Alidhani kuna 340 nyingine iliyotoka saa nzima kabla, bila yeye kujua. Nilimwomba amsomee kijana referansi, herufi moja moja. Ilikuwa ileile. Kijana alikuwa Kinshasa, na daftari lililokuwa mbele yake lilikuwa linahesabu saa za Kinshasa, ambayo iko saa moja nyuma ya Lubumbashi. Nchi yetu ina saa mbili, na sisi wa mashariki tunalisahau hilo mpaka karatasi zianze kugombana. Niliandika kwenye kitabu changu cha kabini: 17:42 kwetu, 16:42 kwao. Sikujua wakati ule kwamba mstari huo ndio utakaotufungulia mlango asubuhi.

Kijana alithibitisha kwamba muamala uko katika hali ya kungojea, akafungua malalamiko na kutupa namba yake. Alisema wazi kwamba yeye haoni daftari la mtandao wa pili. Anaona tu kwamba ombi lilitoka na jibu halikurudi. Namheshimu kwa kusema hivyo, maana wengine hukwambia "itafika tu" ili ukate simu.

Tukampigia tena mwenye depo na kumtumia kwa Wasapu picha ya ule mesaji. Alikataa kuachia mifuko kwa sababu ya picha. Mama aliumia, lakini mimi naona mzee yule alikuwa na haki. Picha ya mesaji inaweza kutengenezwa, na hata ikiwa ya kweli, hii ilithibitisha tu kwamba ombi liliondoka. Mwenye mali anaachia mali kwa salio la akaunti yake mwenyewe. Alichokubali ni kumwekea mifuko 20 pembeni hadi saa nne asubuhi, isiuzwe kwa mwingine, ila lori la alfajiri lingeondoka bila hiyo.

Usiku ule, karibu saa mbili, Mama alipigiwa simu na namba ya kawaida asiyoijua. Sauti ikajidai ni ya watu wa mtandao: "Mama, siye tuko ba rezo. Tunataka kukurudishia feza yako, utupatie namba ya siri." Alikata. Mtandao wake hauhitaji namba ya siri ili kurudisha pesa, kwa kuwa pesa iko mikononi mwa mtandao wenyewe tayari. Anayeihitaji ni yule asiyeweza kuifikia kwa njia nyingine. Huo ndio usiku wote. Hakuna lingine lililofanyika, pesa ililala palepale.

Asubuhi, saa 6:20, simu ya Mama ikalia. Alikuwa kijana anayeandika kitabu cha depo. "Mama, furahi! Feza yako iliingia jana. Nimeiona mu historia ya akaunti: dola 340, saa 17:40." Akasema amekwisha kuandika kitabuni: Kenya, 340, mifuko 20, imelipwa.

Mama alinipigia akicheka na kulia pamoja. Kiasi ni kilekile, na saa inakaribia. Nani angetilia shaka? Lakini mimi nilikuwa na mambo mawili yasiyokaa sawa. La kwanza, 17:40 iko kabla ya 17:42, na pesa haiwezi kufika kabla ya kutumwa. Dakika mbili ni kidogo, saa za simu zinaweza kutofautiana kiasi hicho, kwa hiyo hilo pekee lisingetosha. La pili lilikuwa zito zaidi. Mtandao wa Mama ulinisomea saa za Kinshasa. Je, historia ya akaunti ya depo ilikuwa inasoma saa za wapi?

Nikamwomba Mama anipe namba ya kijana yule. Nilimwuliza jina la mtumaji ni nani. Akasema historia inaonyesha kiasi na saa tu. Mesaji zenye majina alikwisha kuzifuta, kwani simu ya depo hujaa mesaji kila siku. Nikamwuliza kama jana jioni kuna pesa yoyote aliyoitoa kwenye akaunti hiyo na akapewa karatasi. Akasema ndiyo, alikwenda kwa wakala kutoa mauzo ya siku, na risiti iko kwenye sanduku.

"Isome saa."

Risiti ilikuwa ya mkono. Wakala aliandika kiasi, akapiga muhuri, na akaandika saa kwa kuangalia saa yake ya ukutani pale Kasumbalesa: 18:15. Nikamwambia sasa atafute utoaji huohuo kwenye historia ya akaunti. Alichukua muda. Kisha nikasikia sauti yake ikishuka. Historia ilisema 17:15.

Kasumbalesa na Lubumbashi zinafuata saa moja. Kama utoaji wa saa 18:15 unasomeka 17:15, basi historia ile ilikuwa kwa saa ya Kinshasa, na zile 340 za "17:40" ziliingia saa 18:40 kwetu. Dakika 58 baada ya Mama kutuma. Zaidi ya hapo, saa 18:30 tulikuwa tumemaliza tu kuzungumza na huduma ya wateja, na muamala wa Mama ulikuwa bado unangoja. Bila shaka ungeweza kuachiliwa dakika kumi baadaye, kwa hiyo hili halikuthibitisha kwamba pesa si yake. Lilithibitisha tu kwamba saa haziunganishi malipo haya mawili, na kwamba inabidi kumtafuta mtumaji.

Alipatikana kwenye Wasapu ya depo. Saa 18:41 mama mmoja wa soko la Katuba alikuwa ameandika: nimetuma 340, mifuko 20, ipande lori ya kesho jioni. Kijana hakuwa ameuunganisha ujumbe ule na kitu chochote.

Nataka kukaa hapa kidogo. Bei ya mfuko ni moja kwa kila mnunuzi, na watu huagiza kwa makumi. Kila anayechukua mifuko 20 hulipa dola 340 kamili. Kwa depo kama ile, kiasi hakimtambulishi mtu hata kidogo, na jioni moja yanaweza kuingia malipo matatu ya 340. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta 340 kwa sababu Mama analia, akaiona, akaikabidhi kwa aliyelia. Kama tungekaa kimya, Mama angepokea mifuko iliyolipiwa na mwenzake, kisha pesa yake ingerudi kwenye akaunti, na mama wa Katuba angeambiwa hajalipa huku ana mesaji wa kweli mkononi. Mama wa Unga mwenyewe ndiye aliyesema, kabla yangu, "Hapana, futa jina yangu mu kitabu." Nilijua wakati huo anahitaji mifuko ile kuliko mtu yeyote sokoni.

Tulikuwa bado hatujui pesa yake iko wapi, ila sasa tulijua swali la kuuliza na wa kumwuliza. Mtandao wa Mama ulikwisha kusema hauoni upande wa pili, na mtandao wa pili usingezungumza na Mama kwa kuwa si mteja wake. Alitakiwa aulize mwenye depo. Tulimwandikia mambo matatu ili ayasome bila kukosea: namba ya Mama, kiasi, na saa kwa hesabu ya Kinshasa, 16:42. Tuliongeza na referansi, ingawa kila mtandao una referansi yake na ya huku huenda isitambulike kule.

Alipiga saa 8:05. Jibu alilolipata lilimaliza fumbo. Saa 16:42 ya Kinshasa ombi la kuingiza dola 340 kutoka namba ya Mama lilifika kweli kwenye mtandao wao, na likakataliwa. Akaunti ya depo ilikuwa imekaribia plafo, yaani kiwango cha juu ambacho akaunti ya aina yake inaruhusiwa kushika. Siku nzima wateja walikuwa wamelipa, na pesa ilikuwa haijatolewa. 340 za Mama zingeivusha kiwango hicho. Jibu la hapana lilitumwa, likapotea njiani, na mtandao wa Mama ukabaki na kimya.

Na hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Saa 17:42 yetu akaunti ilikuwa imejaa. Saa 18:15 kijana alitoa mauzo ya siku kwa wakala, nafasi ikapatikana. Saa 18:40 pesa ya mama wa Katuba iliingia bila kizuizi. Wanawake wawili walilipa kiasi kilekile, kwa depo ileile, ndani ya saa moja, na kilichowatofautisha ni risiti moja ya wakala katikati yao.

Mama akaupigia mtandao wake, akataja namba ya malalamiko, akawaambia kwamba upande wa pili umekiri kukataa. Kwa maneno hayo tu wasingerudisha pesa, lazima waone kwenye orodha wanayopelekewa. Lakini yule dada aliyepokea alijua sasa atafute nini, na hakumwambia tena asubiri. Saa 9:25 mesaji uliingia: dola 340 zimerudishwa, na gharama 4.10 pia. Salio 412.30, sawasawa na lilivyokuwa jana kabla hajagusa simu. Kwa sababu hakuzigusa zile 68.20, hesabu ilisomeka bila kupiga hata mstari mmoja.

Kabla ya kutuma tena alimpigia kijana wa depo na kuuliza kama akaunti ina nafasi. Ilikuwa nayo. Saa 9:40 akatuma, na kabla ya dakika kwisha ukaja mesaji kamili, wenye jina la mwenye depo. Safari hii alimwomba kijana amsomee mesaji wa upande wake, pamoja na namba iliyotuma na referansi ya kule, na zote mbili nikaziandika ukurasa mmoja. Ilikuwa bado dakika 20 kufika saa nne.

Mtu makini ataniuliza: kama angetuma mara ya pili usiku ule, baada ya saa 18:15, si ingeingia? Ndiyo, ingeingia. Na ya kwanza ingerudi asubuhi kama ilivyorudi. Mifuko ingepanda lori la alfajiri. Nimelifikiria hilo sana, maana ni mimi niliyemzuia. Lakini saa 18:05 hakuna kati yetu aliyejua kama kimya kile kilikuwa ndiyo au hapana, na mkopo wa likelemba ungekuwa wa kweli katika hali zote mbili. Ambalo ningelifanya tofauti ni kumwuliza mwenye depo jioni ileile kama akaunti yake imejaa. Ni swali la nusu dakika. Lingetupa sababu ya kuamini kwamba pesa ilikataliwa, na angalau tungemwomba apige mtandao wake usiku, badala ya kumtumia picha ambayo haikuweza kumsaidia.

Mifuko ilikuja na lori la mchana, ikafika sokoni karibu saa tisa. Mama alikuwa amekosa wateja wa asubuhi, wale wanaonunua unga kabla ya kwenda kazini. Kijana wa depo alichora mstari mpya kwenye kitabu, wa namba nne za mwisho za simu ya mtumaji, na sasa kila siku saa kumi na moja anatoa mauzo kwa wakala, mapema kuliko siku ile.

Mama wa Katuba alipigiwa simu na mwenye depo mwenyewe, akaelezwa kwamba kwa muda malipo yake yaliandikwa kitabuni kwa jina la mwingine. Mifuko yake 20 ilipanda lori la jioni, kama alivyoagiza.